pdfplumber au Tesseract: jedwali moja la skani, namba mbili tofauti, uamini ipi?

Nianze na jedwali lenyewe maana bila kuliona hatutaelewana. Ni ukurasa wa daftari la malipo ya ufuta la chama cha ushirika kimoja cha wakulima huku kusini, limepigwa kwa taipureta zamani, baadaye likapigwa skani likawa PDF. Kuna namba ya mkulima, kilo, bei na malipo. Bei ni moja kwa wote, 2,150 kwa kilo. Nikaupitisha ukurasa ule ule, faili lile lile, kwenye programu mbili za kutoa maandishi kwenye faili, pdfplumber halafu Tesseract, na haya ndo yaliyotoka:

| Na. | Kilo (pdfplumber) | Kilo (Tesseract) | Malipo (pdfplumber) | Malipo (Tesseract) |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 313 | 318 | 683,700 | 683,700 |
| 2 | 176 | 1176 | 378,400 | 378,400 |
| 3 | 85 | 85 | 182,750 | 182,750 |
| 4 | - | 2,150 | - | tupu |
| 5 | 261 | 261 | 561.150 | 561,150 |
| 6 | 407 | 407 | 875,050 | 875,050 |
| Jumla iliyoandikwa | 1,247 | 1,247 | 2,681,050 | 2,681,050 |

Watu sita tu na tayari kuna mistari minne haielewani. Daftari zima lina kurasa nyingi, kwa hiyo unaweza kufikiria hali ilivyo huko mbele.

Sasa mtu wa kwanza niliyemuonyesha alijumlisha safu ya kilo. Ya pdfplumber ikampa 1,242, ya Tesseract ikampa 4,397, na jumla iliyoandikwa kwenye karatasi ni 1,247, akasema basi pdfplumber imekosea kilo tano tu, tuchukue hiyo, ile nyingine tuitupe. Hapo ndo watu wengi wanapokosea, na naomba tukae hapa kidogo, maana kuwa karibu na jumla hakukwambii programu ipi imesoma vizuri. Ukirudi mstari wa kwanza, mwenye kilo 318 ameandikiwa 313 na pdfplumber, na Tesseract ndo iliyompa haki yake. Makosa ya Tesseract ni makubwa ila yanaonekana, hakuna mkulima wa eneo lile aliyeleta kilo 1,176 peke yake. Kosa la pdfplumber ni dogo, limejificha, na ukiichukua safu yake nzima litaingia kwenye rekodi na hakuna atakayelishtukia.

Kwanza tuelewe kwa nini zinatofautiana. Sababu kubwa ni kwamba hizi programu mbili hazisomi kitu kimoja, japo umezipa faili moja. PDF ya skani mara nyingi ina vitu viwili ndani yake. Kuna picha ya ukurasa, hiyo ndo unayoiona kwa macho. Halafu nyuma ya picha kunaweza kuwa na tabaka la maandishi lisiloonekana, lile linalokuwezesha kutafuta neno au kukopi sentensi, na tabaka hilo mara nyingi huwa limewekwa na programu ya skana siku ile ile ya kuskani. pdfplumber haiangalii picha kabisa, inachukua tabaka hilo kama lilivyo, kwa hiyo ikikwambia 313 maana yake ni kwamba miaka hiyo programu ya skana iliona 313. Ukiipa PDF ya skani isiyo na tabaka inakurudishia tupu. Tesseract yenyewe haijali tabaka, inachukua picha na kuanza kusoma upya, pikseli kwa pikseli. Yaani ni kama umeuliza watu wawili, mmoja anakusomea alichonakili mwenzake zamani, mwingine anaisoma karatasi leo kwa macho yake.

Kabla hujalinganisha chochote endesha hizi mbili:

```
pdffonts daftari.pdf
pdfimages -list daftari.pdf
```

Ya kwanza ikikuonyesha fonti, kuna tabaka. Ukiona jina `GlyphLessFont` ujue tabaka hilo liliwekwa na Tesseract, kwa hiyo ukiendesha Tesseract tena sasa hivi hupati shahidi wa pili, unamuuliza yule yule mara mbili, labda toleo jipya zaidi. Na hili la mashahidi lina upande mwingine ambao huwa unawaponza watu: mtu anatumia pdfplumber, anatumia Tabula, anatumia Camelot, zote tatu zinampa 313, anasema tatu zimekubaliana basi ni kweli. Zote tatu zinachukua herufi kutoka kwenye tabaka lile lile. Huyo ni shahidi mmoja aliyesema mara tatu.

Amri ya pili angalia safu ya `x-ppi`, hiyo ni idadi ya pikseli kwa inchi kwenye picha iliyohifadhiwa. Kwenye 300, tarakimu ya ukubwa wa pointi 10 inakuwa na urefu wa karibu pikseli 29, na Tesseract inaisoma vizuri. Kwenye 150 inabaki na kama 15, na hapo 8 na 3, 6 na 5, zinaanza kufanana. Ukiikuza picha ya 150 iwe 300 kwa kompyuta hujaongeza taarifa yoyote, umeongeza pikseli tu.

Hapa ndo naomba msilidharau tabaka la zamani. Kuna skana zinazosoma herufi kwanza kwenye picha safi, halafu zinaibana picha na kuihifadhi ikiwa na ubora mdogo ili faili liwe jepesi. Ikiwa hivyo, aliyesoma zamani aliona karatasi vizuri kuliko wewe unavyoiona leo, kwa hiyo kwenye faili la 150 mi huwa nalipa tabaka uzito zaidi kuliko ninavyolipa kwenye faili la 300. Kwenye 300 safi naegemea Tesseract. Ila kuegemea tu, uamuzi wa mwisho ni wa seli moja moja.

Sababu ya pili ni namna kila moja inavyojua safu zimekaa wapi. pdfplumber kwa kawaida inatafuta laini za jedwali zilizochorwa ndani ya PDF, na kwenye skani laini hizo ni sehemu ya picha kwa hiyo haizioni, itakwambia hakuna jedwali. Inabidi uiambie ikisie safu kutokana na maneno yalivyopangana:

```
page.extract_table({"vertical_strategy": "text",
                    "horizontal_strategy": "text"})
```

Tesseract ukiipa `--psm 6` inauchukua ukurasa kama bonge moja la maandishi, inasoma mstari kwa mstari, na haina habari kwamba hili ni jedwali. Ndo maana mstari wa nne ukaharibika. Mkulima wa nne hakuleta mzigo, karani akapiga kistari kwenye kilo na kistari kwenye malipo ila bei akaiandika. Tesseract ikaviona vile vistari kama uchafu, ikaviacha, ikatoa `4 2,150`, na mimi nilipokata kwa nafasi ile 2,150 ikateleza kushoto ikakaa kwenye kilo. Tarakimu zimesomwa sawasawa kabisa, zimekaa pasipo pake tu. Dawa yake ni kutoa matokeo kama `tsv`, ambako kila neno linakuja na namba ya `left`, yaani limeanzia wapi kwenye ukurasa, halafu unaipanga seli kwa mahali ilipo badala ya kuhesabu nafasi:

```
pdftoppm -r 300 -gray -png -singlefile daftari.pdf ukurasa-1
tesseract ukurasa-1.png matokeo --psm 6 tsv
```

Na mstari wa pili, ile 1176, ni laini ya wima ya jedwali iliyokaribiana na 176 mpaka ikasomwa kama 1. Hili ni kosa la picha, tabaka la zamani halikuwa nalo kwa sababu programu ya skana ilizifuta laini kwanza. Njia inayonisaidia sana ni kuikata picha safu kwa safu, ndani kidogo ya laini, halafu kuisomesha kila safu peke yake. Inachosha ila inaondoa makosa ya laini na ya kuteleza kwa pamoja.

Wengine wanaiambia Tesseract isome tarakimu tu, kwa `-c tessedit_char_whitelist=0123456789,.-`, na mi naitumia, ila muielewe. Ikikutana na doa linalofanana na S itakupa 5 bila kukuonyesha kwamba ilisita. Kwa hiyo inapunguza takataka na wakati huo huo inaficha mashaka. Kwenye taipureta inasaidia kweli, sababu mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1, mpigaji alikuwa anapiga herufi ndogo l, kwa hiyo programu ikikusomea `l76` wala haijakosea, ndicho kilichopigwa pale.

Ya tatu ni koma na nukta, na mara nyingi inatokea mwisho kabisa, nje ya programu zote mbili. Angalia mstari wa tano, 561.150. Tabaka lilisoma koma kama nukta, kitu kidogo, lakini ukiifungua kwenye Excel iliyopangwa kusoma nukta kama desimali inakuwa 561.15 na safu ya malipo ya pdfplumber inajumlika kuwa 2,120,461.15. Ukiona senti kwenye daftari lisilo na senti usihangaike kutafuta tarakimu iliyobadilika, tafuta nukta. Na ukihifadhi CSV bila alama za kunukuu, 683,700 inakatika inakuwa safu mbili, 683 na 700, hilo nalo watu wanailaumu programu ya kusoma wakati wameliharibu wenyewe hatua ya mwisho.

Haya, uamini ipi. Jedwali la malipo lina bahati moja, linajipima lenyewe. Kilo mara bei ni malipo, na safu ikijumlishwa inatoa jumla ya chini. Mstari wa kwanza programu mbili zinabishana kwenye kilo ila kwenye malipo zinakubaliana 683,700, gawa kwa 2,150 unapata 318 kamili. Tesseract imeshinda. Mstari wa pili 378,400 gawa kwa 2,150 ni 176, pdfplumber imeshinda. Wa nne ni pdfplumber, wa tano ni Tesseract, sababu 261 mara 2,150 ni 561,150. Ukisharekebisha, kilo zinajumlika 1,247 na malipo 2,681,050, sawa na karatasi. Kwa hiyo kwenye ukurasa mmoja kila programu imepata mbili imekosa mbili, na aliyechagua programu moja kwa daftari zima angebeba makosa ya upande wake yote.

Kuna kitu kizuri kwenye tofauti zenyewe ukizisoma. Tofauti ya pdfplumber ilikuwa 5, na 5 ni 8 iliyogeuka 3 kwenye mamoja. Tofauti ya Tesseract ilikuwa 3,150, ambayo ni 1,000 ya ile 1 ya uongo jumlisha 2,150 iliyoteleza. Yaani kabla hata hujafungua picha unajua unatafuta nini. Kosa la tarakimu moja linatoa tofauti ya tarakimu moja, yenye au isiyo na sifuri nyuma yake, tofauti inayolingana na namba nzima iliyopo kwenye jedwali ni seli iliyohama au iliyopotea. Na tofauti inayogawanyika kwa 9, kama 27 au 180, mara nyingi ni mtu aliyebadilisha nafasi za tarakimu mbili akichapa, 58 ikawa 85, hiyo ni tabia ya vidole na siyo ya programu, kwa hiyo hapo naangalia karatasi kwanza.

Kitu kimoja nawasihi, msichukue wastani. Nimeona mtu kaweka 315.5 kwa sababu moja imesema 313 na nyingine 318. Karatasi haikuandika 315.5 popote, na huyo mkulima hakuleta kilo hizo. Hapa kuna jibu moja lililo sahihi, na lingine ni kosa tu.

Safu zisizo na hesabu, kama namba ya stakabadhi au tarehe, ndo ngumu, hakuna cha kuzidisha. Hapo palipo na kutofautiana inabidi macho. Kuza picha mpaka 400%, na kama ni 8 au 3, tafuta 8 nyingine isiyo na ubishi kwenye ukurasa huo huo, ya taipureta ile ile, uziweke pamoja. Upande wa kushoto wa 8 umefunga, wa 3 uko wazi, hata wino ukiwa umevuja tofauti huwa inabaki pale juu kushoto. Tesseract pia inakupa `conf` kwa kila neno, alama mpaka 100, itumie kupanga uanze kuangalia wapi ila usiifanye hukumu, tarakimu iliyokosewa inaweza kuja na 96 bila shida.

Sasa kuna hali moja ambayo programu zote mbili zitakubaliana na zote zitakuwa zimekosea, kwa sababu picha yenyewe imebadilika. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aliskani ramani ya jengo kwenye mashine ya Xerox WorkCentre, vyumba vitatu vyenye maeneo tofauti vikatoka vyote vimeandikwa 14.13. Hakukuwa na kusoma herufi hapo, ilikuwa picha tupu. Mashine ilikuwa inabana picha kwa JBIG2, njia inayokusanya vipande vinavyofanana na kuhifadhi kimoja halafu kukibandika kila mahali, na vipande vidogo vya tarakimu vikaonekana vinafanana wakati havifanani. Kampuni ilitoa marekebisho baadaye. Kinachotuhusu ni kwamba namba ile ya uongo inakuwa safi, kali, haina ukungu, hata ukuze vipi jicho halishtuki. Kwenye `pdfimages -list` angalia safu ya `enc`, ikisema `jbig2` haimaanishi faili ni baya, maana njia hiyo inaweza kutumika bila kupoteza kitu, ila inamaanisha kwamba makubaliano ya programu mbili hayatoshi, na palipo na hesabu isiyokaa lazima urudi kwenye karatasi.

Kwa anayetaka kuchagua haraka. PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye kompyuta, haijapita kwenye skana, tumia pdfplumber na usiiguse Tesseract. Skani ya 300 yenye laini, Tesseract safu kwa safu, na tabaka la zamani kama lipo liwe la kulinganishia. Skani ya 150 yenye tabaka, zote mbili kwa uzito sawa, na jiandae kutumia macho. Mwandiko wa mkono, achana na zote mbili, watu wawili wachape kila mtu peke yake halafu ulinganishe. Na kwenye faili lako la mwisho usiandike namba iliyoshinda tu, weka safu ya kila programu ilisema nini, safu ya uamuzi, na safu ya sababu, maana miezi sita mbele mtu atakuuliza hiyo 318 umeitoa wapi.

Kwenye daftari hilo hilo, ukurasa mwingine, nilikutana na mstari uliosema kilo 94 na malipo 204,250. Programu zote mbili zikasema hivyo, nikakuza picha, ikasema hivyo. Lakini 94 mara 2,150 ni 202,100, na 204,250 ni ya kilo 95. Nikabeba laptopu nikaenda kwa mama aliyekuwa karani enzi hizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, haya, leo kimekukwamisha nini tena?"

Nikamwonyesha. Hakuangalia skrini sana, akaingia ndani akatoka na vishina vya stakabadhi vimefungwa kwa mpira, akavipekua mpaka kwenye namba ya yule mkulima. 95. Akasema alipokuwa anachapa umeme ulikuwa unakatika wakawa wanatumia kibatari, na malipo ndo aliyakagua zaidi kwa sababu ndo hela za watu.

Kwenye safu ya iliyosomwa nimeacha 94, kwa sababu ndicho karatasi inachosema na programu zilisoma sawasawa. Kwenye uamuzi nimeweka 95, na kwenye sababu nimeandika namba ya kishina.